Ndovu 150 wa Shimba: faida ilibaki Kwale, gharama ikapanda lori

Agosti 2005 malori yalianza kuwatoa ndovu Kwale na kuwapeleka Tsavo Mashariki, mwendo wa kilomita 160 hivi. Mpango uliotangazwa na shirika la wanyamapori, KWS, ulikuwa wa ndovu 400 kwa dola milioni 3.2. Waliohamishwa ni 150, wakitolewa Shimba Hills na katika hifadhi ya wanakijiji ya Mwaluganje iliyo ubavuni mwake. (Huku Mombasa tembo ni kinachogemwa mnazini, basi mnyama tumwite ndovu.) Miaka imepita, lakini mtu anayetaka kubishania jambo la kulirudishia pori wanyama wake wakubwa na akifungue kisa hiki, kwa sababu kila upande una ushahidi wake ndani yake.

Na Mombasa haiwezi kujifanya mtazamaji. Maji ya Marere yanatoka chini ya msitu wa Shimba. Maji ya Mzima yanatoka Tsavo Magharibi kwa bomba lililojengwa miaka ya 1950. Mtu wa Likoni au wa Majengo akifungua mfereji, siku ambayo maji yapo, anakunywa kutoka mbuga mbili za ndovu. Mgeni wa hoteli ya Diani au Nyali akienda kutalii siku mbili, anapelekwa kuko huko. Faida ya ndovu inafika mjini kila siku. Ndovu mwenyewe hafiki. Kwa hiyo mtu wa mjini huwa mwepesi wa kusema ndovu waongezwe, na maneno yake yapimwe kwa kujua hilo.

Shimba ilijaaje

Shimba Hills ni eneo la kilomita za mraba 192, msitu wa pwani uliochanganyika na mbuga za nyasi, na ndipo mahali pekee nchini Kenya palipo na palahala, aina ya swala, wa porini. Lilitangazwa hifadhi mwaka 1968. Mashamba ya Wadigo na Waduruma yakalizunguka, na baadaye ua wa umeme ukawekwa ili ndovu wasiingie mashambani. Ua huo ulifanya kazi yake, ila kazi hiyo ilikuwa na upande wa pili. Ndovu aliyekuwa akihama na mvua, akila huku miezi michache na kule miezi michache, sasa anakula mahali pamoja mwaka mzima.

Kaskazini mwa hifadhi, mamia ya wenye mashamba waliunganisha ardhi zao katikati ya miaka ya 1990 wakaanzisha Mwaluganje. Mapatano yalikuwa mepesi kueleweka: wewe unaacha kulima, ndovu wanapita, na mwisho wa mwaka unapata gawio kutokana na pesa za langoni kwa kadiri ya ardhi uliyotoa. Karatasi ya mavi ya ndovu nayo ikawa bidhaa. Ni mpango mzuri, na mimi ni miongoni mwa wanaoutetea, lakini una udhaifu mmoja mkubwa: mahindi hayajali kama mgeni amekuja au hakuja, gawio linajali. Agosti 1997 fujo za Likoni zilipowafukuza watalii pwani yote, ndovu hawakupunguza kula hata siku moja.

Kabla ya kuhamishwa, ilielezwa kwamba ndovu wa eneo zima ni kama 600, na kwamba eneo lingebeba vizuri 200. Hata ukihesabu Shimba na Mwaluganje pamoja, na kuongeza kipande cha msitu kinachoziunganisha, hupati zaidi ya kilomita za mraba 250. Hiyo ni zaidi ya ndovu wawili kwa kila kilomita ya mraba. Tsavo, pamoja na ranchi zinazoizunguka, ni zaidi ya kilomita za mraba 40,000, na mwaka huo ilikuwa na ndovu wapatao 10,000, yaani mmoja kwa kila kilomita nne. Ukiweka tarakimu hizo mbili sambamba, wazo la kuhamisha linajileta lenyewe.

Dalili za msitu uliozidiwa hazihitaji mashine. Tafuta miche. Katika msitu wenye afya, chini ya mti mkubwa utakuta watoto wake wa kila rika: waliofika kifundo cha mguu, waliofika goti, waliofika bega. Ndovu wakizidi, utaona wale wadogo kabisa na utaona wakubwa, lakini wa kati hawapo, wamevunjwa kabla ya kupita kimo cha mkonga. Msitu wa namna hiyo kwa mbali bado ni kijani. Ukweli wake ni wa wazee wasio na warithi. Upande wa pili wa hesabu ni palahala: yeye anataka nyasi zilizo wazi, na ndovu wachache ndio wanaomfungulia. Kwa hiyo swali la Shimba halikuwa ndovu au bila ndovu. Lilikuwa ndovu wangapi.

Kumpakia ndovu

Inafaa kujua kazi yenyewe ilivyo, maana wengi wanaosema "wahamisheni tu" hawajawahi kuwaza uzito wa ndovu aliyelala.

Daktari yuko ndani ya helikopta. Familia inasukumwa taratibu hadi mahali pa wazi lori linapoweza kufika, kisha inapigwa vishale vya dawa ya usingizi aina ya etofini, watu wa kazi huiita M99. Kwa ndovu mkubwa miligramu kumi na kitu zinatosha. Mtu akijichoma nayo kwa bahati mbaya, kiasi kidogo sana kinaweza kumuua, ndiyo maana dawa ya kuizima huwa mkononi kabla kishale hakijajazwa. Baada ya dakika kumi hivi ndovu anayumba na kuanguka. Hapo ndipo saa inapoanza kuhesabu.

Namna alivyoanguka ni jambo la kufa na kupona. Ndovu akilalia kifua, magoti mbele kama ngamia, uzito wa matumbo unabana mapafu na anaweza kufa ndani ya muda mfupi. Lazima asukumwe alale ubavu, kwa kamba na gari kama nguvu za watu hazitoshi. Mkonga unanyooshwa na kijiti kinawekwa kwenye ncha ili tundu zisijizibe, kwa sababu hapo ndipo anapovutia hewa. Sikio linafunikwa juu ya jicho. Maji yanamwagwa masikioni, kwani ndovu hupoza damu yake kwa mishipa ya pale. Mtu mmoja kazi yake ni kuhesabu pumzi tu. Kreni inamwinua kwa miguu, anawekwa juu ya lori, anaingizwa ndani ya kasha, ndipo anapochomwa dawa ya kumwamsha na nyingine ya kumtuliza njiani. Safari yote anasimama.

Familia haigawanywi. Jike kiongozi, dada zake, binti zao na ndama wote hupakiwa siku moja na kufunguliwa mahali pamoja. Ukimwacha kiongozi nyuma, uliowapeleka ni yatima wenye tani tatu. Madume wakubwa wanahamishwa peke yao, na wao ndio wasumbufu baadaye, kama tutakavyoona.

Kwa upande huu wa ufundi, zoezi la 2005 lilikuwa zito kuliko lolote la aina yake lililokuwa limefanywa Kenya, na waliolifanya wanajua kazi yao. Makosa ya kisa hiki hayako kwenye kreni.

Tsavo iliwahitaji?

Watetezi wa kuhama walikuwa na hoja mbili, na mara nyingi waliziunganisha kama moja. Ya kwanza: Shimba itapumua. Ya pili: Tsavo itarudishiwa ndovu wake walioibwa na majangili. Zitenganishe, na utaona hazina uzito sawa.

Ni kweli Tsavo iliporwa. Miaka ya 1960 ilikuwa na makumi ya maelfu ya ndovu. Ukame wa 1970 na 1971 uliua wasiopungua 6,000, wengi wao majike na ndama, na hawakufa kwa kiu: walikaa karibu na maji ya mto, majani yaliyo karibu na mto yakaisha, wakafa kwa njaa huku maji yapo. Kisha wakaja majangili wa pembe. Hesabu ya 1988 ilikuta kama 5,400 tu.

Lakini tazama lilivyokwenda pori lenyewe. Ndovu walipokuwa wengi waliangusha vichaka vya miti ya jamii ya manemane, na sehemu kubwa ya Tsavo Mashariki ikageuka mbuga ya nyasi. Wala nyasi kama choroa na punda milia wakastawi, wala majani kama faru mweusi wakapoteza chakula. Ndovu walipoanguka, vichaka vilirudi. Hakuna kati ya hali hizo mbili iliyo "Tsavo ya asili" na nyingine ya bandia. Ndiyo mabishano yaliyowatenganisha hata wakubwa wa enzi hizo, mtafiti Richard Laws akitaka ndovu wapunguzwe kwa risasi na David Sheldrick, aliyekuwa mkuu wa Tsavo Mashariki, akisema liachiwe pori lijipime.

Kufikia 2005 ndovu wa Tsavo walikuwa wakiongezeka wenyewe mwaka hadi mwaka. Ndovu 150 juu ya 10,000 ni asilimia moja na nusu, chini ya ongezeko la kawaida la mwaka mmoja. Sensa ya taifa ya 2021 ilikuta karibu 15,000 katika eneo hilo, na hakuna mtu makini anayesema ongezeko hilo ni kwa sababu ya wageni kutoka Kwale. Kwa hiyo hoja ya pili ni pambo. Faida ya mazingira ya kisa hiki yote iko Shimba.

Nayo ilidumu muda gani? Tupige hesabu, ni ya karatasi tu lakini inaonyesha umbo la jambo. Chukua ndovu 600, ondoa 150, wanabaki 450. Kundi lisilo na ujangili likiongezeka kwa asilimia 4 kwa mwaka, linarudi 600 baada ya miaka saba na kidogo. Wangehamishwa 400 kama ilivyopangwa, 200 waliobaki wangehitaji miaka 28 kufika pale pale. Tofauti ya 150 na 400 kwa macho si kubwa mno. Kwa muda ni karibu mara nne. Zoezi lililokatizwa katikati lilinunua pumzi fupi.

Waliofika, na walikofika

Ndovu wa Shimba alizaliwa mahali penye mvua ya milimita elfu moja kwa mwaka au zaidi, umande wa bahari na msitu. Amefunguliwa nyikani penye mvua nusu ya hiyo au chini yake. Anahitaji lita mia moja au zaidi za maji kila siku na hajui kisima kiko wapi. Elimu hiyo huwa kichwani mwa jike mzee wa familia, na jike mzee huyu ameletwa naye, ni mgeni vile vile. Watafiti waliowafuatilia baada ya kufunguliwa waliwaona wakifanana na wenyeji pole pole katika shughuli za siku. Lakini miili yao ilikuwa dhaifu kuliko ya wenyeji, na waliokufa kati yao walikuwa wengi kwa kulinganisha. Walioondoka au kupungua zaidi walikuwa madume wakubwa na ndama. Wapo madume waliotoka hifadhini kabisa na kushika njia ya walikotoka.

Tsavo imewahi kutoa somo la maji kwa namna kali zaidi. Mwaka 2018 faru weusi 11 walihamishwa kutoka Nairobi na Nakuru hadi Tsavo Mashariki. Maji ya visima waliyopewa yalikuwa na chumvi nyingi. Kiu ikawafanya wanywe zaidi, na kunywa kukazidisha kiu. Hakubaki hata mmoja, ingawa wa mwisho alishambuliwa na simba. Kipimo cha chumvi ya maji ni kifaa kinachoingia mfukoni.

Sasa tuje kwa watu. Ndovu mgeni asiyejua maji huenda kwenye harufu ya maji, na pembezoni mwa Tsavo harufu hiyo hutoka kwenye tangi la mtu, kidimbwi cha mtu, na shamba la mahindi ya mtu huko Sagalla na kwingineko Taita.

Mkulima wa pale wakati mahindi yanapokomaa halali nyumbani. Analala dunguni, jukwaa la miti juu ya nguzo nne, na debe, tochi na ufunguo wa kupigia debe. Ndovu hasikiki anapokuja. Kinachosikika ni bua la kwanza kukatika. Anapiga debe, ndovu anasimama. Usiku wa tatu ndovu amejua kwamba debe haliumi. Kundi la ndovu watano linamaliza ekari moja kabla ya alfajiri, na wanachokanyaga ni kingi kuliko wanachokula. Asubuhi yake watoto wanachelewa shule kwa sababu ndovu bado wako njiani, na mama hatoki kuchota maji mpaka jua lipande. Gharama hizi za usingizi, masomo na hofu hazina safu katika ripoti yoyote ya hasara.

Na hasara yenye safu nayo haikulipwa. Fidia ya mazao yaliyoharibiwa na wanyamapori ilikuwa imefutwa tangu 1989 kwa sababu ya madai ya uongo, na ilikuwa bado imefutwa malori yalipofika 2005. Sheria ya 2013 iliirudisha: shilingi milioni 5 kwa aliyeuawa, milioni 3 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, na mazao kwa bei ya soko. Ila sheria hiyo hiyo inamnyima aliyeshindwa kuchukua hatua za kujikinga, na malipo yenyewe huja kwa foleni inayohesabiwa kwa miaka. Mtu aliyepoteza gunia kumi za Agosti anahitaji unga Septemba.

Yaani mkulima wa Kwale alipunguziwa ndovu, mkulima wa Taita akaongezewa, na hakuna aliyemuuliza wa pili kwa uzito ule ule alioulizwa wa kwanza. Hapa ndipo ninapotofautiana na watetezi. Wao husema 150 katika 10,000 ni tone baharini. Kwa pori, ndiyo. Kwa shamba, hesabu si hiyo: shamba halivamiwi na wastani, linavamiwa na dume mmoja aliyeshindwa kuzoea.

Kinga, na mipaka yake

Watetezi wana jibu la haki: gharama za jamii zinaweza kukingwa. Zinaweza, kwa sehemu, na ni vizuri kujua sehemu hiyo inaishia wapi.

Ua wa umeme unataka volti 6,000 au zaidi. Ukishuka chini ya 4,000, ndovu anajifunza kwamba maumivu yanavumilika, na ndovu aliyejifunza hasahau. Unashuka kwa sababu mbili za kawaida. Masika, majani yanakua na kugusa waya, umeme unavuja ardhini nukta baada ya nukta. Kiangazi, udongo unakauka na vyuma vya ardhi havipitishi. Ndovu anagusa waya na mzunguko haukamiliki kupitia miguuni. Dawa ya hili la pili ni kupishana nyaya, mmoja wenye moto na mmoja wa kurudisha, ili akigusa zote mbili apigwe hata udongo ukiwa mkavu. Nguzo nazo zilindwe: pembe haipitishi umeme, na dume mjanja huitumia kuvunja nguzo. Yote haya yanataka mtu mwenye kipimo anayetembea uani kila siku na anayelipwa kila mwezi. Miradi hununua ua. Mshahara wa mtembezi ndio huwa haumo kwenye bajeti.

Sagalla kuna kinga nyingine iliyochunguzwa kwa miaka mingi: ua wa mizinga. Mzinga unaning'inizwa kila baada ya mita 10 kuzunguka shamba, nao wote umeunganishwa kwa waya. Ndovu akisukuma waya, mizinga inayumba na nyuki wanatoka. Huchoma pembezoni mwa macho na ndani ya mkonga. Ndovu watatu kati ya wanne waliokaribia mashamba hayo waligeuka, na mkulima akapata asali juu yake. Ni matokeo mazuri kuliko ya debe. Lakini kiangazi kikiwa kirefu maua yanakosekana, nyuki wanahama, na mizinga mitupu ni mapambo. Kiangazi kirefu ndicho pia kinachowaleta ndovu mashambani kwa wingi. Kinga inalegea hasa wakati inapohitajika.

Watu wa Bamburi watasema mbona kwao imewezekana: machimbo ya saruji yaliyokuwa mwamba mtupu, René Haller akaanza na mivinje mwaka 1971, leo kuna viboko na twiga. Ni kweli na ni kazi ya kusifiwa. Lakini pale kuna ukuta, na hakuna anayelima ndani ya ukuta.

Ikiwa malori yatarudi Kwale, zoezi lisianze kabla ya mambo matatu kuwa mezani. Idadi iwe ile inayonunua miaka mingi, la sivyo isifanywe. Maji ya mahali pa kufungulia yapimwe chumvi na wingi katika mwezi wa mwisho wa kiangazi. Vipimo vya baada ya mvua havisemi kitu. Na mfuko wa fidia kwa vijiji vya upande wa kupokea ujazwe kabla ya kishale cha kwanza, ukiwa na watu wa vijiji hivyo kwenye kamati, malipo ya mazao yafanywe ndani ya mwezi mmoja. Kwa kuwa Mombasa inakunywa Marere na Mzima, senti chache juu ya kila uniti ya maji ya mjini zingetosha kuanzia, na bili ingefika kwa anayefaidi.

Madume wakubwa wafungwe kola za satelaiti wote, siyo wawili watatu kwa ajili ya picha, na namba ya simu ya anayeitazama skrini ipewe kila mwenye dungu.